Kwa nini orodha ya viungo imeshindwa na safu kwenye programu yako

"Nina programu ya C++ inayopokea namba moja moja bila mpangilio na kuzipanga kutoka ndogo hadi kubwa. Nilikuwa natumia std::vector. Tulifundishwa kwamba kuingiza kitu katikati ya orodha ya viungo ni O(1) na katikati ya safu ni O(n), kwa hiyo nikahamia std::list nikitarajia kasi. Kwa namba 100,000 mambo yamegeuka: kazi iliyokuwa inaisha ndani ya sekunde moja sasa inapita nusu dakika. Nimekagua kodi mara tatu sioni kosa. Je, tulidanganywa?"

Hamkudanganywa, ndugu yangu. Ile O(1) ni ya kweli, ila ina sharti ambalo mara nyingi husomwa haraka likapita: ni O(1) iwapo tayari umeshika nodi ambayo unataka kuingiza kitu kando yake. Wewe hukuishika. Namba inapofika, inabidi uanze mwanzo wa orodha na utembee hadi pale inapostahili kukaa. Naamini kodi yako inafanana na hii:

```cpp
auto it = orodha.begin();
while (it != orodha.end() && *it < x) ++it;
orodha.insert(it, x);
```

Mstari wa tatu ndio O(1). Mstari wa pili ni O(n), na ndio unaokula muda wako wote. Basi kwenye kazi hii miundo yote miwili ni O(n) kwa kila namba. Safu inalipa kwa kusogeza vitu ili ipatikane nafasi, orodha inalipa kwa kutafuta mahali. Kwa hesabu ya karatasini wamelingana, na hapo ndipo swali lako linapokuwa zuri, kwa sababu kwenye mashine hawajalingana hata kidogo.

Tuangalie kwanza namba zako zinakaa wapi. Kwenye safu, namba za aina ya int zina baiti 4 kila moja na zimekaa bega kwa bega. Kama ya kwanza iko kwenye anwani 1000, ya pili iko 1004, ya tatu 1008, na kuendelea bila pengo. Namba 100,000 zinachukua baiti 400,000 na si zaidi, ukiacha akiba ambayo vekta hujiwekea mwishoni.

Kwenye std::list kila namba ina nodi yake. Nodi hiyo inabeba kielekezi cha nodi iliyo mbele na kielekezi cha iliyo nyuma, baiti 8 kila kimoja kwenye mashine ya biti 64. Inabeba namba yenyewe, baiti 4, na kisha baiti 4 tupu za kujazia ili ukubwa wa nodi ugawanyike kwa 8. Jumla ni 24. Halafu kila nodi inaombwa peke yake kwa kigawa kumbukumbu, naye ana daftari lake la kutunza: kwenye Linux ya kawaida, yenye maktaba ya glibc, ombi la baiti 24 hukatiwa kipande cha baiti 32. Kwa hiyo namba ya baiti 4 imevaa koti la baiti 28. Namba zako 100,000 sasa zinachukua baiti 3,200,000, mara nane ya safu.

Ukubwa huo peke yake hautoshi kueleza nusu dakika. Kinachoumiza zaidi ni namna nodi zinavyokaa. Tuseme umeingiza 50, kisha 10, kisha 30, kisha 20, na kigawa kumbukumbu kikazipa nodi anwani zinazofuatana, 2a0, 2c0, 2e0 na 300. Zimekaa kwa mpangilio wa kufika. Lakini orodha yako inasomwa kwa mpangilio wa ukubwa, kwa hiyo safari inakuwa hivi:

```
10 (2c0) -> 20 (300) -> 30 (2e0) -> 50 (2a0)
```

Mbele, nyuma, nyuma tena. Nodi zikiwa nne tu hakuna madhara, maana zote ziko jirani. Zikiwa 100,000 zilizofika bila mpangilio, kila hatua ni mruko wa kwenda popote ndani ya eneo la baiti milioni tatu na ushee. Majirani kwenye orodha si majirani kwenye kumbukumbu.

Kwa nini miruko hiyo iwe ghali? Kwa sababu prosesa haisomi kumbukumbu kuu moja kwa moja kila inapohitaji kitu. Katikati yake na kumbukumbu kuu kuna kache, yaani kumbukumbu ndogo na ya kasi iliyo ndani ya chipu yenyewe, kwa kawaida ngazi tatu. Ngazi ya kwanza, L1, kwa kila kiini hubeba data ya kilobaiti 32 au 48 hivi kwenye prosesa nyingi, na hujibu ndani ya mizunguko minne au mitano ya saa ya prosesa. Ya pili ni kubwa zaidi na inajibu kwa mizunguko kumi na kitu. Ya tatu ina megabaiti kadhaa na inajibu kwa mizunguko arobaini au zaidi. Ukizikosa zote tatu na kulazimika kwenda kumbukumbu kuu, jibu linakuja baada ya nanosekunde 80 hivi, na hiyo ni mizunguko zaidi ya mia mbili ya kusubiri.

Kisha kuna jambo ambalo ndilo moyo wa habari yote. Prosesa haichukui baiti moja moja. Ukiomba namba moja ya baiti 4, kache inavuta kipande kizima cha kumbukumbu kinachoitwa mstari wa kache, na kwenye mashine nyingi za leo mstari huo una baiti 64. Kwenye safu, baiti 64 ni namba 16. Umelipia safari moja, ukapata kumi na tano nyingine bure, na ndizo hizo hizo unazozihitaji sasa hivi. Kwenye orodha, baiti 64 zinabeba vipande viwili vya nodi, na hicho cha pili ni nadra kuwa ndicho unachokiendea. Ulicholetewa ni baiti 64, ulichohitaji ni namba ya baiti 4 na kielekezi cha baiti 8, na kilichobaki kimechukua nafasi ya kache kwa kazi bure.

Hata hivyo, ningeishia kwenye mstari wa kache ningekuwa nimekueleza nusu tu, na watu wengi huishia hapo. Prosesa ya leo ina sehemu inayochungulia anwani unazoziomba. Ikiona 1000, 1064, 1128, inaelewa unakoelekea na kuanza kuvuta mistari inayofuata kabla hujaiomba. Unapofika, data imeshafika. Isitoshe, prosesa inaweza kuwa na maombi mengi njiani kwa wakati mmoja, kumi na zaidi, ilimradi inajua anwani zote. Kwenye safu inazijua, maana anwani ya kitu cha 500 ni mwanzo wa safu ukijumlisha 499 mara 4. Hakuna haja ya kukiona cha 499 kwanza.

Kwenye orodha mambo yote mawili yanakatika. Anwani ya nodi ijayo imeandikwa ndani ya nodi hii, kwa hiyo mpaka nodi hii ifike, prosesa haijui iombe nini. Haiwezi kutanguliza na haiwezi kuomba mbili kwa pamoja. Inasubiri, inasoma kielekezi, inaomba, inasubiri tena. Ucheleweshaji ambao kwenye safu unafichwa, kwenye orodha unalipwa wote, nodi kwa nodi.

Sasa tupige hesabu ya programu yako. Kwa wastani, katika maisha yake yote, muundo wako una vitu 50,000, na namba mpya inaangukia katikati. Kwa hiyo kila uingizaji unagusa vitu 25,000.

Kwenye safu, kugusa maana yake ni kusogeza namba 25,000 hatua moja kulia, yaani baiti 100,000. Kazi hii inafanywa na memmove, inayobeba baiti nyingi kwa mkupuo, na kwa data iliyo ndani ya kache si ajabu kupata baiti bilioni 10 kwa sekunde au zaidi. Hiyo ni mikrosekunde 10 kwa kila namba. Zidisha kwa namba 100,000, unapata sekunde moja. Kutafuta mahali ni kwa kugawa nusu kwa nusu, hatua zisizozidi 17, na gharama yake hapa haionekani.

Kwenye orodha, kugusa ni kutembelea nodi 25,000. Baiti zake milioni tatu hazitoshi kwenye L1, na kwenye mashine nyingi hazitoshi hata kwenye ngazi ya pili, kwa hiyo tuseme ni ngazi ya tatu inayojibu, nanosekunde 10 kwa nodi. Ni mikrosekunde 250 kwa kila namba, na kwa zote ni sekunde 25. Sehemu ya nodi zikilazimika kutoka kumbukumbu kuu inazidi hapo, na zote zikitoka huko unafika sekunde 200. Haya ni makadirio ya mkono, na mashine yako itakuwa na tarakimu zake, lakini ona jinsi yanavyokaribiana na ulichokiona: sekunde moja upande huu, nusu dakika upande ule. Kodi yako haina kosa. Unachokipima ni kusubiri.

Usinisadiki kwa maneno tu. Kama uko kwenye Linux, jaribu hivi kwa programu zote mbili:

```
perf stat -e cycles,instructions,cache-misses ./programu
```

Gawanya instructions kwa cycles. Kitanzi cha orodha kina maagizo manne hivi kwa kila nodi: soma namba, linganisha, amua, soma kielekezi. Nodi ikichukua mizunguko 40, uwiano unakuwa karibu 0.1, maana yake prosesa imekaa bure sehemu kubwa ya muda. Uwiano unaopita 1 unaonyesha prosesa inayofanya kazi. Idadi ya cache-misses usiitegemee peke yake, kwa sababu prosesa tofauti huhesabu ngazi tofauti kwa jina hilo hilo. Na kama unaendesha ndani ya mashine pepe, huenda vihesabio hivi visionekane kabisa, basi pima kwenye mashine halisi.

Hapa nikutahadharishe na mtego ulionipotezea siku nzima zamani, nilipokuwa napima jambo hili hili. Nilijaza orodha kwa push_back, namba moja baada ya nyingine, kisha nikapima muda wa kuipitia. Ilikuwa karibu na kasi ya safu, nami nikahitimisha kwamba habari za kache zimetiwa chumvi. Kumbe programu changa yenye kumbukumbu safi hukatiwa nodi zinazofuatana, na kwa push_back mpangilio wa orodha na mpangilio wa anwani ni mmoja, hivyo prosesa iliweza kutanguliza kama kwenye safu. Nikaita orodha.sort() na kuipitia tena, namba zile zile, nodi zile zile. Safari hii ilichukua muda mrefu mno. sort() ya std::list haihamishi nodi, inabadilisha viungo tu, kwa hiyo baada yake mpangilio wa kusoma ulikuwa umevurugika kabisa kwenye kumbukumbu. Programu iliyoishi muda mrefu, ikaingiza na kufuta mara elfu nyingi, inafanana na orodha ile ya pili. Kwa hiyo pima orodha iliyochakaa.

Tena, ile hesabu ya karatasini haikutungwa na watu wasiojua. Orodha za viungo zilianza kutumika mwaka 1955 na 1956, kazi ya Allen Newell, Cliff Shaw na Herbert Simon, kwenye mashine ambazo hazikuwa na kache. Wakati huo kuhesabu hatua na kuhesabu muda vilikuwa karibu kitu kimoja. Baadaye prosesa zikaongeza kasi haraka kuliko kumbukumbu, na hatua mbili zinazoonekana sawa kwenye O zikaja kutofautiana mara mia.

Turudi kwenye programu yako. Cha kwanza cha kujiuliza ni kama unahitaji namba ziwe zimepangika wakati wote zinapoingia. Kama mpangilio unahitajika mwishoni tu, zitie zote kwenye vekta kwa push_back na uite std::sort mara moja. Kwa namba 100,000 hiyo ni kazi ya milisekunde chache, na hakuna njia nyingine kati ya hizi inayoikaribia.

Kama unahitaji mpangilio muda wote, rudi kwenye vekta:

```cpp
v.reserve(100000);
// kwa kila x:
auto mahali = std::lower_bound(v.begin(), v.end(), x);
v.insert(mahali, x);
```

Ile reserve ni nzuri kuwa nayo, ila usiiogope sana habari ya vekta kukua. Bila reserve, kwa maktaba inayoongeza uwezo mara mbili kila inapojaa, kufikia namba 100,000 kunanakili namba 131,071 kwa jumla. Ukilinganisha na namba bilioni 2.5 unazosogeza kwa sababu ya insert, ni kama hakuna.

Lakini niwe mkweli kwako. Kwa uingizaji mtupu wa namba 100,000 zisizo na mpangilio, std::multiset, yaani mti wa nodi unaoruhusu namba kujirudia, itaishinda vekta pia. Nayo inaruka kutoka nodi hadi nodi, ina maumivu yale yale ya kache, ila inaruka mara 17 hivi badala ya mara 25,000, na kazi yote inaisha kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kadiri namba zinavyoongezeka ndivyo pengo linavyopanuka: kwa namba milioni 10, uingizaji mmoja kwenye vekta unasogeza baiti milioni 20, karibu milisekunde mbili, na hapo hakuna kache ya kukuokoa. Vekta inashinda mti pale vitu vikiwa mamia au elfu chache, au pale unaposoma mara nyingi kuliko unavyoingiza. Mimi ningeanza na vekta, nikapima, na kuhamia std::multiset pale tu uingizaji unapoonekana ndio unaochelewesha.

Ukubwa wa kitu nao unabadilisha hukumu. Tuseme badala ya int ya baiti 4 una rekodi za baiti 4,096 zilizokaa ndani ya vekta moja kwa moja. Kusogeza 25,000 kati yake ni zaidi ya baiti milioni 100, yaani milisekunde 10 kwa kila uingizaji, ilhali orodha inatembelea nodi 25,000 kwa milisekunde mbili hata kama zote ziko kumbukumbu kuu. Hapo orodha inashinda. Ila kabla hujaikimbilia, weka rekodi kwenye vekta moja bila kuzipanga, na kwenye vekta nyingine panga jozi za ufunguo na nafasi ya rekodi, baiti 8 kwa jozi. Unachosogeza kimerudi kuwa kidogo, na safu inachukua tena ushindi.

Zipo kazi ambazo orodha ndiyo yenyewe. Ukiwa umeshika nodi tayari, ile O(1) inatimia kwelikweli. Mfano ulio wazi ni hifadhi inayotupa kitu kilichokaa muda mrefu bila kutumiwa: jedwali la hashi linakupa nodi moja kwa moja, unaing'oa ilipo na kuipachika mbele, bila kutembea popote. Kuhamisha nodi moja au orodha nzima kwenda orodha nyingine kwa splice ni hivyo hivyo. Na kama sehemu nyingine za programu zimeshika vielekezi vya vitu vyako, kumbuka vekta ikikua huhamisha kila kitu na vielekezi vyote vinakufa, wakati nodi ya orodha haihami hadi uifute. Kwa foleni, unapotoa mbele na kutia nyuma, tumia std::deque, kwa sababu v.erase(v.begin()) inasogeza safu nzima kila unapotoa kimoja.

Ukija kuandika kazi hii kwa Java, angalia kitu kimoja. ArrayList<Integer> ni safu ya vielekezi, na namba zenyewe ziko kwingine kama vitu kamili. Bado inaishinda LinkedList, lakini faida ya namba 16 kwa mstari mmoja unaipata kwa int[] tu. Orodha ya kawaida ya Python nayo ni safu ya vielekezi vya namna hiyo.

Kuna hali moja ambayo maandishi hayatoshi. Kama umerudi kwenye vekta na muda haukushuka, au kama orodha hiyo inaguswa na nyuzi zaidi ya moja kwa wakati mmoja, tafuta mtu mwenye uzoefu wa kupima programu mkae pamoja mbele ya mashine yako. Kwenye nyuzi nyingi mstari wa kache unaweza kuwa unavutwa huku na huku kati ya viini hata pale ambapo kila uzi unagusa namba yake, na dalili hiyo haionekani kwenye kodi wala kwenye matokeo ya perf stat niliyokuonyesha. Mpelekee matoleo yote mawili ya programu, namba halisi inazopokea na si za kubuni, pamoja na jina la prosesa na chaguo za kompaila ulizotumia. Na kabla ya yote hakikisha ulikompaili kwa -O2, kwa maana bila hiyo mnaweza kutumia saa nzima kupima kitu ambacho hakuna mtumiaji atakayekiendesha.